Kuahirisha Masomo au Kukubali Kushindwa: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Mlango wa Mtihani

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ziara ya usharika mmoja wa pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam, nilimkuta katika soko la samaki la Bagamoyo kijana niliyemfahamu. Alikuwa akiwapimia wachuuzi dagaa. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha elimu ya juu, na usharika wake ulikuwa umemchangia ada. Nilipomwuliza kwa nini hakumaliza, alijibu kwa sauti ya chini: "Mchungaji, niliona nitashindwa Kigiriki, nikaona ni heri niondoke mwenyewe kuliko kuandikiwa alama ya kushindwa." Hakuandika barua yoyote, wala hakumwaga mtu. Alifunga begi wiki moja kabla ya mitihani, akapanda basi.

Nilipofuatilia habari zake chuoni, niliambiwa kwamba jalada lake halisemi kuwa alijitoa. Linasema alitoroka mitihani na kwa hiyo akaondolewa masomoni. Aibu aliyotaka kuikimbia kwa kozi moja ilimpata kwa kozi zote tano. Lililoniumiza zaidi ni kwamba nilipoketi naye na kuzipiga hesabu za alama alizokuwa nazo, tuligundua kwamba kama angeingia katika mtihani ule na kushindwa, angekuwa bado mwanafunzi, na pengine leo angekuwa na shahada yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi hesabu hii kila muhula, na naona vema kuiandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wenyewe na kwa ajili ya wachungaji, ambao mara nyingi ndio wanaoletewa shauri hili kabla ya chuo kupewa habari.

1. Njia zilizopo

Mwanafunzi anayeona kozi inamshinda hana njia mbili tu. Anazo nne, na kila moja huacha alama yake katika fedha na katika matokeo.

Ya kwanza ni kuacha kozi mapema. Katika wiki za mwanzo za muhula vyuo huruhusu mwanafunzi kubadili kozi alizojiandikishia. Kozi iliyoachwa ndani ya muda huo haionekani popote. Lakini njia hii ni ya kozi za hiari tu. Kozi ya lazima, kama Kigiriki kwa mwanafunzi wa theolojia katika chuo kinachoidai, haiachwi. Huahirishwa au hufanywa.

Ya pili ni kuahirisha, ama masomo ya muhula mzima, ama mitihani peke yake. Hii hutolewa kwa sababu inayothibitika: ugonjwa, msiba, au shida nzito ya kifamilia. Huombwa kwa maandishi kabla ya mtihani, na hujibiwa kwa maandishi. Aliyeahirisha mtihani kwa ruhusa hupewa mtihani maalumu, ambao kwa kawaida hufanyika katika kipindi kile kile cha mitihani ya marudio. Mtihani maalumu huhesabiwa kuwa ni wa mara ya kwanza. Akipata A, huandikiwa A.

Ya tatu ni kuingia katika mtihani na kushindwa, kisha kufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wanauita "sapu". Katika vyuo vikuu vyetu vingi, aliyefaulu sapu huandikiwa C, hata kama karatasi yake ilistahili zaidi.

Ya nne ni kutoweka. Asiyefika katika mtihani bila ruhusa huhesabiwa kuwa ametoroka, na kanuni za vyuo vingi humwondoa masomoni moja kwa moja. Hapewi sapu, kwa kuwa sapu ni haki ya aliyefanya mtihani akashindwa. Hii ndiyo njia aliyoichukua kijana wa soko la samaki, akidhani kwamba ni ya pili.

Hapa niongeze neno kuhusu ushauri utokao ng'ambo. Wapo ndugu na watumishi wenzetu waliosoma Marekani ambao humwambia mwanafunzi, "Omba tu W." Katika vyuo vya huko, mwanafunzi anaweza kujitoa katika kozi moja hadi tarehe fulani ya katikati ya muhula, akaandikiwa herufi W isiyoingia katika wastani, na ile F, asipojitoa, huingia kama sifuri. Kwa hiyo kule mara nyingi ni busara kujitoa. Kwetu mambo yamepangwa vingine. Kushindwa kozi moja si hukumu ya mwisho, kwa kuwa sapu ipo. Na kujitoa katika kozi moja ya lazima katikati ya muhula, kwa kawaida hakupo. Ushauri ulio mwema kule unaweza kumpoteza mtu hapa. Aidha, mtumishi wetu aliyeko Marekani kwa viza ya masomo ya F-1 naye asijitoe katika kozi kabla ya kuonana na afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni. Akishuka chini ya idadi ya kozi zinazomfanya awe mwanafunzi wa muda wote bila ruhusa ya awali, anaweza kupoteza haki ya kukaa nchini humo, hata kama alama zake ni safi.

2. Hesabu ya wastani

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Kipimo kinachotumika katika vyuo vikuu vyetu vingi kwa shahada ya kwanza ni cha pointi tano: A, yaani 70 na zaidi, ni pointi 5, B+, kuanzia 60, ni 4, B, kuanzia 50, ni 3, C, kuanzia 40, ni 2. Chini ya 40 ni kushindwa. Lakini kushindwa kuna madaraja mawili: D, kuanzia 35 hadi 39, bado ina pointi 1, na E haina kitu. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa jumla ya krediti. Kozi zikiwa na krediti sawa, unaweza kujumlisha pointi na kugawanya kwa idadi ya kozi.

Kuna mstari mmoja ambao kila mwanafunzi aujue kwa moyo. Katika vyuo vingi, mwenye wastani wa 1.8 au zaidi baada ya mitihani ya kwanza huruhusiwa kufanya sapu kwa kozi alizoshindwa. Aliye chini ya 1.8 huondolewa masomoni, na ndiko wanafunzi wanakoita "kudisko". Kwa hiyo swali la kujiuliza si "Je, nitashindwa Kigiriki?" Swali ni "Nikishindwa Kigiriki, nitabaki juu ya mstari au nitashuka chini yake?"

Nitatunga mfano. Tumchukue binti mmoja wa Kiwangwa, ambaye wazazi wake ni wakulima wa mananasi. Yuko mwaka wa pili, ana kozi tano zenye krediti sawa. Alama za kazi za muhula ni 40, na mtihani ni 60. Katika wiki ya kumi na moja anagundua kwamba katika Kigiriki amepata 11 kati ya 40. Ili afikie 40 anahitaji 29 kati ya 60 katika mtihani, yaani karibu nusu ya karatasi, ilhali mpaka sasa amekuwa akipata kiasi cha robo. Ni haki kusema kwamba huenda atashindwa.

Katika kozi nyingine nne anatazamia B mbili, B+ moja na C moja. Akipata E katika Kigiriki, pointi zake ni 3, 3, 4, 2 na 0, jumla 12. Gawanya kwa tano: wastani ni 2.4. Yuko juu ya mstari. Akifaulu sapu, ile E inakuwa C, jumla inakuwa 14, na wastani 2.8. Sasa linganisha: kama angejikakamua na kufaulu Kigiriki mara ya kwanza kwa C, wastani wake ungekuwa 2.8 hiyo hiyo. Kama kwa muujiza angepata B, ungekuwa 3.0. Basi gharama yote ya kushindwa kozi ile moja katika wastani wake, ikiwa atafaulu sapu, ni kati ya sifuri na sehemu mbili za kumi. Binti huyu hana sababu ya kuahirisha mwaka. Aingie katika mtihani, aandike anachokijua, kisha atumie likizo kusoma Kigiriki.

Sasa tubadili hali. Tuseme mama yake amelazwa katika hospitali ya Bagamoyo kwa wiki tano, na binti amekuwa akishinda wodini. Siyo Kigiriki tu kilichoharibika. Anatazamia C mbili, D mbili na E moja. Pointi ni 2, 2, 1, 1 na 0, jumla 6, wastani 1.2. Akiingia katika mitihani hiyo, hatapewa sapu, ataondolewa. Huyu ndiye anayepaswa kuahirisha, na anayo sababu inayothibitika kwa karatasi ya daktari. Kosa lake kubwa lingekuwa kuingia mtihanini kwa ujasiri na kuomba huruma baadaye. Akishafanya mtihani, matokeo ni matokeo. Ni vigumu sana kuushawishi uongozi kwamba alikuwa na shida ambayo hakuisema.

Kati ya hawa wawili wapo wengi walio karibu na mstari. Mwanafunzi mwenye B mbili na C moja, akipata E mbili, ana jumla ya 8 na wastani wa 1.6: ameondolewa. Lakini ikiwa mojawapo ya zile E itakuwa D, jumla ni 9 na wastani ni 1.8 kamili: amebaki. Kwa hiyo alama 35 na alama 34, ambazo zote ni za kushindwa, zinaweza kumtenga mwanafunzi na mwenzake. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wasirudishe kamwe karatasi iliyo wazi. Aliyekata tamaa ya kupata 40 bado anayo sababu ya kupigania 35.

Kuna mambo mawili ya kuangalia katika kitabu cha kanuni cha chuo chako kabla ya kuitegemea hesabu hii. La kwanza ni kama wastani huo unapimwa kwa muhula au kwa mwaka mzima. Ukipimwa kwa mwaka, muhula mzuri huubeba ule mbaya: aliyepata pointi 15 katika muhula wa kwanza na 8 katika wa pili ana 23 kwa kozi kumi, yaani 2.3, na hana hofu ya kuondolewa. La pili ni kama chuo kinadai kiwango fulani cha alama za kazi za muhula au cha mahudhurio kabla ya kumruhusu mtu kuingia mtihanini. Pakiwa na kanuni hiyo, mwenye 11 kati ya 40 anaweza kuzuiwa mlangoni, na shauri lake lazima lipelekwe kwa mkuu wa idara mapema.

3. Ada na mkopo

Wazazi na wazee wa usharika huuliza kwanza habari ya fedha, na wana haki. Tuseme binti wa Kiwangwa amelipa shilingi 700,000 kwa muhula huu, zikiwa zimetokana na mananasi na mchango wa usharika. Je, akijitoa katika wiki ya kumi na moja atarudishiwa kiasi gani?

Jibu la kawaida ni kwamba hatarudishiwa kitu. Vyuo vyetu vingi huandika katika barua ya kujiunga kwamba ada ikishalipwa hairudishwi, au hurudishwa kwa sehemu tu kwa anayejitoa katika siku za kwanza. Baada ya hapo chuo kimekwisha kumfundisha, na chumba cha bweni amekwisha kukilalia. Basi, fedha zilizokwisha kulipwa zisiwe sababu ya kujitoa. Kinyume chake, zikiwa haziwezi kurudi, ni afadhali zinunue walau mitihani minne iliyofaulu.

Kwa anayeahirisha kwa ruhusa, jambo liko tofauti kidogo. Hapewi fedha mkononi, lakini anaweza kuomba ada aliyolipa ihesabiwe kwa muhula atakaorudi. Ombi hili liandikwe ndani ya barua ile ile ya kuahirisha, na jibu lake lidaiwe kwa maandishi kutoka ofisi ya fedha. Nimeona wanafunzi wakirudi baada ya mwaka na kudaiwa ada upya, kwa sababu tu barua yao ilizungumzia ugonjwa ikasahau fedha. Anayeahirisha mitihani peke yake, akiwa amemaliza vipindi, kwa kawaida harudii ada ya muhula, kwa sababu anarudi kufanya mitihani maalumu tu. Kama ugonjwa au msiba umemkuta mwishoni mwa muhula, hii ndiyo njia iliyo nafuu kuliko zote.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, aongeze hesabu nyingine. Sheria hiyo inataka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu mitihani inayomwezesha kusonga hatua inayofuata. Kozi moja iliyokombolewa kwa sapu haimzuii kusonga. Kurudia mwaka kunamsimamisha. Anayeahirisha husimamishiwa malipo mpaka arudi na chuo kipeleke taarifa zake, kwa hiyo amwone afisa mikopo wa chuo kabla ya kuondoka. Naye aliyeondolewa au kutoroka hasamehewi: ada iliyolipwa kwa ajili yake na fedha za kujikimu, lile "bumu" alilokwisha kulitumia, hubaki kuwa deni lake, analotakiwa kulilipa bila kuwa na cheti cha kumsaidia kulilipa.

4. Kinachobaki katika transkripti

Wanafunzi wengi huogopa alama ya kushindwa kama doa lisilofutika. Tuangalie kila njia inaacha nini.

Kozi iliyofaulishwa kwa sapu huonekana kama C. Mwajiri au chuo kingine kinachosoma transkripti huona C moja kati ya alama nyingi, na huangalia zaidi daraja la shahada. Kwa binti yetu, kozi moja ya pointi 2 badala ya 3, katika kozi thelathini za miaka mitatu, hushusha wastani wa mwisho kwa sehemu tatu za mia tu. Madaraja yamegawanyika kwa upana kuliko hapo: daraja la pili la juu huanzia 3.5, la pili la chini 2.7, na la kufaulu 2.0. Ni mwenye kusimama ukingoni kabisa tu ndiye anayeweza kubadilishiwa daraja na kozi moja.

Aliyeahirisha haachiwi alama mbaya, ila miaka yake haifuatani: aliingia mwaka fulani, akamaliza mwaka mmoja baadaye kuliko wenzake. Pengo hilo huelezwa kwa barua ya ruhusa, na ndiyo maana nakala yake itunzwe pamoja na vyeti. Asisahau pia kwamba kuna kikomo cha muda wa kuahirisha, na kwamba akipitisha tarehe ya kurudi bila kuandika, hugeuka kuwa mtoro.

Aliyetoroka hana transkripti iliyokamilika. Ana kozi za mwaka mmoja au miwili, na neno la kuondolewa. Akiomba chuo kingine, neno hilo humtangulia.

5. Barua, na kazi ya mchungaji

Barua ya kuahirisha haihitaji maneno mengi. Itaje jina, namba ya usajili na mwaka wa masomo. Itaje kama anaomba kuahirisha muhula au mitihani, na mitihani ipi kwa tarehe zake. Itaje sababu kwa sentensi mbili au tatu na kuambatanisha ushahidi. Itaje anatazamia kurudi lini. Na iombe kauli kuhusu ada. Ipelekwe kwa kupitia mkuu wa idara, na mwanafunzi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ruhusa ya mdomo ya mwalimu mmoja, hata akiwa mwema kama mimi, si ruhusa ya chuo. Asiondoke mpaka jibu limetoka. Na ikiwa mtihani umefika kabla ya jibu, amfuate msajili mwenyewe siku hiyo.

Kwetu wachungaji naomba mambo mawili. Kwanza, tusiandike barua ya kuthibitisha shida ambayo hatukuiona. Barua ya mchungaji hukubaliwa chuoni kwa sababu huaminiwa, na barua moja ya uongo itawanyima wanafunzi kumi wenye shida ya kweli. Pili, usharika unapomchangia mtoto ada, wazee wamwambie wazi, siku ile ile ya kumkabidhi, kwamba kushindwa kozi moja si kuutukana mchango wao. Yule kijana wa soko la samaki hakumkimbia mwalimu wa Kigiriki. Aliwakimbia wazee wa usharika wake, ambao alidhani hawezi kusimama mbele yao na E moja. Wazee hao waliniambia baadaye kwamba hawakuwa hata na habari kwamba kuna kitu kiitwacho sapu.